Nyota Zinapatana, Namba Zinagombana: Fanya Hivi Kabla ya Kurudisha Barua ya Posa

Shangazi mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, alinijia nyumbani Kirumba na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Ndani yake kulikuwa na tarehe mbili za kuzaliwa, ya binti wa kaka yake na ya kijana aliyeleta barua. Nyota zilikuwa zimekaa vizuri, binti Mashuke na kijana Ng'ombe, zote mbili za udongo. Chini yake, kwa kalamu nyekundu, aliandika 4 na 5, akazungushia duara.

"Mama, nyota inasema ndiyo, namba inasema hapana," aliniambia hata kabla hajaketi. "Wazee wanakaa Jumapili. Tuipokee barua au tuirudishe?"

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi kuliko maswali mengine yote ya uchumba. Nitalijibu kwa kuifuata karatasi ile ile, hatua kwa hatua kama tulivyofanya siku zile, ili mwenye karatasi kama hiyo mkononi ajue pa kuanzia.

Hatua ya 1: Uliza nyota hiyo imepatikanaje

Hapa kwetu neno nyota hubeba vitu viwili tofauti. Kuna nyota ya tarehe, yaani buruji ambayo jua lilikuwamo siku mtu alipozaliwa. Ng'ombe kwa kawaida ni wa kuanzia 20 Aprili hadi 20 Mei, na Mashuke ni wa kuanzia 23 Agosti hadi 22 Septemba. Kuna pia nyota ya jina, ile ya wazee wa falaki. Wao huandika jina la mtu na jina la mama yake kwa herufi za Kiarabu, hujumlisha thamani za herufi hizo kwa hesabu ya abjadi, kisha huondoa kumi na mbili kumi na mbili mpaka kibaki kisichozidi kumi na mbili. Kinachobaki ndicho kinachotaja nyota.

Mtu anaweza kuwa Ng'ombe kwa tarehe na Nge kwa jina, na asiwepo aliyekosea. Ikiwa nyota zenu zilisomwa na mzee wa falaki aliyeuliza jina la mama, basi hicho si kipimo cha tarehe, na ukikilinganisha na namba ya tarehe umechanganya mizani na rula. Rudini mtafute nyota ya tarehe kwanza, ndipo mwendelee.

Kwa karatasi ya shangazi, nyota zilikuwa za tarehe. Tukasonga.

Hatua ya 2: Hakiki siku yenyewe, si mwezi wala mwaka tu

Nitakaa hapa muda mrefu, kwa sababu ugomvi mwingi kati ya nyota na namba huzaliwa hapa.

Nyota ya tarehe ni kitu kipana. Jua hukaa katika buruji moja karibu siku thelathini, kwa hiyo tarehe yako ikikosewa kwa siku mbili au tatu, nyota yako huenda isitikisike kabisa. Namba ya njia ya maisha, ile inayopatikana kwa kujumlisha tarakimu za tarehe nzima ya kuzaliwa mpaka ibaki moja, haina uvumilivu huo. Ndani ya mwezi mmoja, ukisogeza tarehe siku moja mbele, namba nayo inasogea moja. Kosa ambalo nyota hailisikii hata kidogo linaipindua namba nzima. Ndiyo maana hali ya nyota njema na namba ngumu ni ya kawaida mno katika familia ambazo watoto walizaliwa nyumbani, visiwani au mashambani, na tarehe ikaandikwa baadaye.

Kijana wetu alikuwa mtoto wa kisiwani, wa upande wa Ukerewe. Shangazi aliandika 11 Mei 1996, tarehe aliyoambiwa na mama wa kijana. Kijana mwenyewe alipopigiwa simu alishangaa, maana kitambulisho chake kinasema 12 Mei. Alipofanya hesabu akafurahi, kwa kuwa 12 Mei humpa 6, na 6 husomwa kuwa rafiki wa 4. Alitaka tuandike 12 na mambo yaishe.

Nilimkatalia. Tarehe haichaguliwi kwa utamu wa jibu lake. Tulimpigia mama yake, nikamsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," akaitikia, nikamwomba anisimulie siku ile bila kunitajia tarehe. Mama wa kisiwani hukumbuka matukio kuliko tarakimu, na tukio la mwaka ule hakuna mtu wa ziwa hili aliyelisahau. MV Bukoba ilizama asubuhi ya Jumanne, 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Mama alisema habari zilipofika kisiwani, yeye alikuwa bado ndani na mtoto mchanga, siku ya kumi. Alisema pia kwamba alijifungua usiku wa kuamkia Jumamosi.

Siku kumi kabla ya Jumanne ya tarehe 21 ni Jumamosi ya tarehe 11, hapo hesabu inakubali. Lakini maneno "usiku wa kuamkia Jumamosi" yana mtego. Kwa desturi yetu siku huanza jua linapozama, hivyo usiku huo wote ni wa Jumamosi kwa mama. Kwa kalenda ya cheti, saa nne ya usiku huo ni bado Ijumaa tarehe 10, na saa tisa ni Jumamosi tarehe 11. Nikamuuliza, "Mayu, ilikuwa kabla ya usiku wa manane au baada?" Akajibu bila kusita kwamba majogoo yalikuwa yameshawika na wavuvi walikuwa wanarudi. Basi ni tarehe 11.

Tazama sasa tulikuwa na tarehe tatu zinazogombea mtu mmoja: 10 Mei humpa 4, 11 Mei humpa 5, 12 Mei humpa 6. Katika zote tatu yeye ni Ng'ombe. Nyota haikusogea hata nywele moja, namba ikabadilika mara tatu.

Kwa hiyo kabla ya kuogopa namba, kusanyeni ushahidi wa siku. Kadi ya kliniki iliyoandikwa mtoto akiwa mchanga ina uzito kuliko cheti kilichotolewa akiwa na miaka kumi na tano. Cheti cha ubatizo husaidia kikiwa kinataja siku ya kuzaliwa na si siku ya ubatizo tu. Kitambulisho cha taifa huja mwisho katika ushahidi wa aina hii, kwa sababu kimenakili kile mtu alichokieleza akiwa mkubwa. Kijana wetu, kwa mfano, aliandika 12 alipoulizwa shuleni, kwa kuwa hakujua. Tarehe kama 1 Januari au 1 Julai zitilie shaka, maana mara nyingi huandikwa mtu anapojua mwaka tu.

Mkishindwa kuipata siku kwa uhakika, njia ya heshima ni moja: iwekeni namba pembeni na msiitumie kuamua lolote. Namba ya siku ya kukisia haiwezi kuzuia ndoa.

Hatua ya 3: Rudieni hesabu kwa njia mbili

Binti wa Igoma alizaliwa 2 Septemba 2000, na kadi ya kliniki ipo. Siku ni 2, mwezi ni 9, mwaka ni 2+0+0+0 = 2. Jumla 2+9+2 = 13, na 1+3 = 4.

Kijana: siku 1+1 = 2, mwezi ni 5, mwaka 1+9+9+6 = 25, na 2+5 = 7. Jumla 2+5+7 = 14, na 1+4 = 5.

Sasa jumlisheni kwa njia ya pili, tarakimu zote kwa mkupuo mmoja. Kijana: 1+1+0+5+1+9+9+6 = 32, na 3+2 = 5. Imekubali. Ni lazima ikubali, kwa sababu kupunguza namba kwa kujumlisha tarakimu zake hakubadilishi kile kinachobaki ukiigawa kwa tisa. Mkipata 5 kwa njia moja na 6 kwa nyingine, namba haijasema neno lolote, mmejumlisha vibaya tu. Anzeni upya.

Njia hizo mbili hutofautiana mahali pamoja tu, kwenye 11, 22 na 33, ambazo wasomaji wa namba huziita namba kuu na hawazipunguzi. Chukua mtu wa 14 Septemba 1997. Ukipunguza kila fungu kwanza, unapata 5+9+8 = 22, na msomaji atasimama hapo. Ukijumlisha zote kwa mkupuo unapata 40, kisha 4. Wasomaji wawili watampa mtu huyo huyo majina mawili tofauti. Mkikutana na hali hiyo, msomeni kama 4 kwanza, maana 22 ni 4 iliyobebeshwa mzigo mkubwa zaidi. Sijapata kuona 22 iliyotengua tabia za 4.

Kwa wachumba wetu hakukuwa na namba kuu mwishoni. 4 na 5 zilibaki.

Hatua ya 4: Andikeni sentensi mbili, moja ya nyota na moja ya namba

Watu husema "inapatana" na "haipatani" kana kwamba vipimo hivi viwili vinapima kitu kimoja. Ulizeni kila kimoja kinapatana katika nini.

Ng'ombe na Mashuke ziko katika kundi la udongo pamoja na Mbuzi, na katika duara la buruji zimeachana nyuzi 120, pembe ambayo wasomaji wa nyota wanaipenda kuliko zote. Maana yake ni kwamba wawili hawa huthamini mambo ya aina moja: kazi inayoonekana, chakula cha kutosha, nyumba, akiba, ahadi inayoshikika. Hapo nyota imeeleza wanachokitaka. Jinsi kila mmoja atakavyokiendea haijaeleza.

Katika elimu ya namba, 4 ni mjenzi. Anataka ratiba, anataka kujua kesho italetaje, na mabadiliko ya ghafla humuumiza. 5 ni msafiri, anayepata nguvu kwa kubadili njia, kukutana na watu wapya na kuamua akiwa barabarani. Wengi huzipanga namba katika makundi matatu: 1, 5 na 7; 2, 4 na 8; 3, 6 na 9, wakisema waliomo kundi moja huelewana kwa urahisi. 4 na 5 hazimo kundi moja, na karibu kila msomaji ataziita ngumu. Ugumu wake hasa ni mwendo, nani anaweka ratiba na nani anaivunja.

Nikamwambia shangazi aandike hivi chini ya duara lake jekundu: *Wanataka nyumba ile ile. Hawatembei kuiendea kwa mwendo mmoja.* Alipoisoma kwa sauti alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini hiyo ni ndoa yangu mimi na marehemu."

Mkifikia sentensi mbili kama hizo, ile hofu ya ndiyo na hapana inapungua, kwa sababu nyota na namba hazijabishana, zimejibu maswali mawili. Ikiwa sentensi zenu kweli zinabishana juu ya jambo moja, kwa mfano nyota inasema wote wanapenda utulivu na namba inasema mmoja hatulii, basi uchunguzi wa hatua ya 6 ndio utakaoamua nani yuko sahihi kwa mtu huyu.

Hatua ya 5: Tazameni namba ya siku

Kwa kupita tu. Wengi hukomea kwenye njia ya maisha na kuisahau namba ya siku, ambayo ni tarehe ya mwezi peke yake ikipunguzwa. Binti ni 2. Kijana ni 11, ikipunguzwa ni 2. Njia ya maisha husomwa kama safari nzima ya mtu, na namba ya siku kama tabia yake ya kila siku, jinsi anavyoongea mezani na anavyopatana baada ya kukwaruzana. Hawa wawili wana 2, namba ya kusikilizana. Haikuifuta ile 4 na 5, ila ilituambia kwamba wakikaa kuzungumza, mazungumzo yao yana nafasi ya kufika mahali. Namba ya siku nayo ikigombana, jueni kwamba mtahitaji mtu wa tatu katika hatua ya 7, na msione aibu kumtafuta.

Hatua ya 6: Daftari la mwezi mmoja wa angani

Hakuna jedwali la nyota wala la namba linalojua mnavyoishi. Kwa hiyo ninawapa wachumba daftari la shilingi chache na kazi moja. Kwa mzunguko mmoja wa mwezi, kama siku ishirini na tisa na nusu, kila mkwaruzano uandikwe: tarehe, ulianzaje, uliishaje. Kila mmoja na daftari lake, bila kuoneshana mpaka mwisho.

Kwa kijana huyu mwezi wa angani ulifaa kuliko ule wa kalenda. Yeye ananunua dagaa visiwani na kuwaleta soko la Mwaloni, Kirumba. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa sababu huufuata mwanga, na mbalamwezi ikiwa pevu taa hazivuti, mitumbwi mingi hupumzika. Maisha yake yana giza na mwanga, siku za kuondoka na siku za kurudi. Binti ni fundi cherehani mwenye daftari la oda, na kila nguo ina tarehe ya kuchukuliwa. Ukiwatazama tu, bila hesabu yoyote, utaiona 4 na utaiona 5.

Waliporudi kwangu na madaftari, tulihesabu mikwaruzano saba. Mitano ilikuwa jambo moja: alisema atarudi siku fulani, hakurudi, na hakutoa habari. Miwili ilihusu dada wa kijana, anayempigia simu kuomba fedha na kupewa bila binti kujua.

Tukaichambua ile mitano, na hapa ndipo namba inapaswa kuwa mtumishi na si bwana. Mara tatu kati ya tano alichelewa kwa mvua. Dagaa wanahitaji jua ili wakauke, na wakilowa wakiwa nusu wakavu huharibika, hivyo mfanyabiashara mwenye akili hubaki kisiwani kuwalinda. Kuchelewa huko hakutokani na 5, mtu wa 4 naye angebaki. Mara mbili alisikia bei nzuri ya kisiwa kingine akaenda, bila kumwambia mtu. Hiyo ndiyo 5 yenyewe. Na katika zote tano, kosa lililomuumiza binti halikuwa kuchelewa, lilikuwa kimya.

Kigezo changu ni hiki. Mikwaruzano mingi ikiwa ni ile ambayo namba ziliitaja, basi mna jambo moja kubwa la kushughulikia, na linajulikana. Ikitawanyika kila upande, achaneni na namba, kwa sababu hazikuwagusa. Na daftari likionesha uongo wa kurudiwa, mkono ulioinuliwa, madeni yaliyofichwa au mwanamke mwingine, hilo halitafsiriwi kwa namba wala kwa nyota. Nimemsikia kijana akijitetea kwamba alimpiga mchumba kwa sababu "namba zetu zinagongana." Namba haina mkono. Binti yule nilimwambia mbele ya mama yake kwamba barua irudishwe, na ilirudishwa, pamoja na nyota zao nzuri.

Hatua ya 7: Mpatane juu ya jambo moja tu

Msiandike mkataba wa mambo ishirini. Chukueni lile lililojitokeza mara nyingi zaidi, mlitungie kanuni ambayo pande zote mbili zinaweza kuiishi. 4 hatageuka kuwa 5, na ukimlazimisha 5 aishi kwa ratiba ya saa atakubali wiki mbili kisha atoroke.

Kanuni ya wachumba wetu ilikuwa hii. Kijana hataji tena siku ya kurudi, anataja siku mbili, ya mapema na ya mwisho. Akiona atapita ile ya mwisho, ujumbe uwe umefika kabla ya saa mbili usiku wa siku hiyo, na mahali ambapo mtandao hausomi atampa maneno nahodha anayevuka. Akibadili kisiwa, anasema amebadili, haombi ruhusa. Binti naye hapigi simu mara kumi kabla ya saa mbili hiyo haijapita.

Fedha ilifuata njia hiyo hiyo. Faida ya kila safari hugawanywa mafungu matatu: mtaji wa safari ijayo, fungu la nyumba, na fungu dogo la kijana ambalo haulizwi. Fungu la nyumba linatumwa akiwa bado Mwaloni, kabla hajanunua magunia mapya, kwa sababu 5 akishashika bidhaa mkononi, fedha hiyo haionekani tena. Simu za dada zitajibiwa kutoka fungu lile lisiloulizwa. Hapo 4 amepata kitu kisichoguswa, na 5 amepata kitu kisichochunguzwa.

Shangazi alipendekeza kanuni hiyo isomwe mbele ya wazee. Nilimshauri asifanye hivyo. Wazee waambiwe kwamba tarehe zimehakikiwa na vijana wamekaa chini wakaelewana. Ukiwasomea 4 na 5 barazani, neno hilo litakuwa jina la ndoa yao kwa miaka ishirini, na kila sahani ikivunjika mtu atasema "si tulisema?"

Yasiyofaa kufanywa

Usibadili herufi za jina ili "kurekebisha" njia ya maisha. Namba hiyo hutoka kwenye tarehe, haigusi jina kabisa, na anayekutoza fedha kwa hilo ama hajui kazi yake au anakuibia. Jina lina namba yake nyingine, tofauti na hii.

Usilipie kusafisha nyota. Matangazo yake yamejaa kwenye nguzo za umeme mjini, na wateja wake wakubwa ni watu waliotishwa na hesabu kama ya shangazi. Nyota ya tarehe ni mahali pa jua angani siku uliyozaliwa, haina uchafu wa kuondolewa. Nimewaona mabinti waliouza cherehani kwa ajili hiyo.

Na kipo kipimo cha kupatana ambacho nyota na namba hazikifikii, nami huwa simwachi mchumba yeyote aondoke kwangu bila kukitaja. Kanda yetu ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya nchi yenye selimundu nyingi. Mtu anaweza kubeba chembe yake ya urithi maisha yote bila kuumwa. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa kupata mtoto mgonjwa. Nendeni wote wawili hospitali yenye maabara ya kupima aina ya himoglobini, na siku hiyo hiyo mpime na virusi vya Ukimwi. Mkipata majibu ya kuwatia mashaka, kaeni na mtaalamu awaeleze kabla ya siku ya mahari. Fanyeni hivi hata nyota na namba zikiwa zinaimba wimbo mmoja.

Hatua ya 8: Rudini kwenye daftari baada ya miezi mitatu

Endeleeni kuandika, lakini sasa andikeni ile kanuni tu: iliheshimiwa lini, ilivunjwa lini, na nani aliivunja. Ikivunjwa na mtu mmoja kila mara, ongea na huyo. Ikivunjwa na wote, kanuni ndiyo mbaya, itungeni upya. Na kama mmoja wenu bado anaamka usiku akiwaza 4 na 5, aseme waziwazi, msimcheke, mpeni mwezi mwingine wa daftari kabla ya kupanga siku ya mahari. Hofu iliyozikwa kabla ya harusi hufukuka siku ya kwanza mtoto akiugua.

Wachumba wa Igoma na Ukerewe walirudi kwangu baada ya miezi hiyo mitatu, kila mmoja na daftari lake. Katika mwezi wa kwanza kanuni ya ujumbe ilivunjwa mara mbili, wa pili mara moja, wa tatu haikuvunjwa, ingawa mvua zilikuwa nyingi na kijana alikaa kisiwani siku nne zaidi ya alivyopanga. Dada bado anapiga simu. Juu ya hilo wanaendelea kubishana, na tulipotafuta mahali pake kwenye ile karatasi ya shangazi, hatukuliona chini ya 4, wala 5, wala Ng'ombe, wala Mashuke. Nimewapangia waje na dada mwenyewe mbalamwezi ijayo, kijana akiwa mjini.